Koni haina uraia: Vikorokoro vya barabarani vinavyofichua picha imepigwa wapi

Tuseme ni Jumapili jioni, umekaa barazani Changamwe na mabeste wawili, simu ni moja na bando limebaki kidogo. Mnacheza GeoGuessr, ule mchezo ulioanzia Uswidi mwaka 2013 unaokutupa kwenye picha ya barabara popote duniani, kisha unakutaka ubandike pini kwenye ramani. Picha inafunguka. Gari ziko upande wa kushoto, jua ni kali, na mbele kuna msururu wa vizuizi vya plastiki, chekundu kimoja, cheupe kimoja, na koni tano za rangi ya chungwa zilizopangwa vizuri kama askari kwenye gwaride.

"Hapa ni Afrika Kusini, bro. Angalia vile barabara imepangwa," unasema kwa kujiamini. Unabandika pini Durban. Skrini inageuka, mstari mrefu unachorwa kutoka Durban kupanda kaskazini, na unaishia wapi? Changamwe. Si ajabu ni ile barabara unayopitia kila asubuhi ukienda kutafuta matatu. Utachekwa mpaka Jumapili ijayo.

Hebu tuangalie ulipokosea, kwa sababu kosa hilo linawapata hata wachezaji wazuri. Na usidhani ni mambo ya mchezo tu. Macho yale yale yanayokupatia pointi ndiyo utakayoyahitaji shangazi atakapotuma picha kwenye kikundi cha familia saa kumi na moja alfajiri akisema barabara ya Likoni imekatika. Tutafika huko.

Koni ni ile ile kila mahali

Ulikosea kwa kuiamini koni. Koni ya barabarani ni kitu cha kiwanda, na kitu cha kiwanda husafiri. Mmarekani mmoja, Charles Scanlon, aliyekuwa akifanya kazi ya kupaka rangi mistari ya barabarani mjini Los Angeles, alipata hataza ya koni ya mpira mwaka 1943. Kabla ya hapo kazi ilifanywa na vizuizi vya mbao, ambavyo gari likivigonga huvunjika na kuliharibu gari lenyewe. Koni ikigongwa inainama au inaanguka, unaiokota, maisha yanaendelea. Tangu hapo umbo halijabadilika sana: kitako kizito, mwili wa chungwa au mwekundu, na mshipi mmoja au miwili myeupe inayong'aa ikimulikwa na taa.

Ndiyo maana koni ya Changamwe, ya Durban na ya Dubai zinaweza kuwa ndugu wa toka nitoke, zimetoka kiwanda kimoja ndani ya kontena moja. Vile vizuizi vya plastiki vyekundu na vyeupe, vinavyojazwa maji au mchanga ili visisukumwe na upepo, navyo ni vivyo hivyo. Mkandarasi wa kigeni anaweza hata kuja na vifaa vyake vyenye maandishi ya kwao. Ukiona herufi za Kichina ubavuni mwa kizuizi, usikimbilie Beijing. Kampuni za Kichina zimejenga sana hapa kwetu, kuanzia reli ya SGR hadi barabara, na vifaa vyao viko kazini Kenya, Uganda na kwingineko.

Rangi nayo inadanganya. Jua la pwani halina huruma na plastiki. Nyekundu iliyokaa nje miezi mingi hupauka ikawa pinki, chungwa hugeuka karibu rangi ya ngozi ya papai, na mshipi unaong'aa hubanduka. Kwa hiyo ukiona koni ya pinki usidhani umevumbua nchi yenye koni za pinki. Umeona koni iliyochomwa na jua, basi.

Kanuni ya kwanza ni fupi: kilichotoka kiwandani hakina uraia. Chenye uraia ni kile ambacho sheria ya nchi, lugha ya nchi au mkono wa mtu wa hapo umekifanyia hicho kitu. Rudia ile picha sasa, safari hii ukitafuta mambo hayo matatu.

Sheria: umbo na rangi ya kibao cha muda

Koni zinaweza kufanana, lakini vibao vinavyowekwa wakati wa ujenzi hufuata kanuni za nchi. Hapo dunia imegawanyika vizuri sana.

Marekani hutumia kibao cha umbo la almasi, yaani mraba uliosimama kwa ncha, na kikiwa cha ujenzi huwa cha rangi ya chungwa. Ukiona almasi ya chungwa pamoja na mapipa manene ya plastiki yenye mistari ya chungwa na nyeupe, basi wewe uko Marekani Kaskazini, na Afrika Mashariki unaweza kuisahau. Uingereza hutumia pembetatu nyeupe yenye mpaka mwekundu na mtu anayechimba, na mara nyingi ubao mwekundu wenye maandishi meupe kutangaza kuwa barabara imefungwa. Ujapani ndiyo ya kuchekesha: huko kuna vizuizi vya ujenzi vinavyoshikiliwa na vyura, nyani na sungura wa plastiki. Hao ukiwaona, bandika pini bila kufikiria mara mbili.

Sasa njoo karibu na nyumbani. Nchi za kusini mwa Afrika zina mwongozo wa pamoja wa alama za barabarani chini ya jumuiya ya SADC. Katika mwongozo huo, alama ya onyo ya kudumu ina uso mweupe, na ile ya muda, ya ujenzi, ina uso wa njano. Pembetatu ni ile ile yenye mpaka mwekundu, lakini ndani ni njano. Ungekuwa kweli Durban, vibao vya ujenzi vingekuwa na njano hiyo, kimoja baada ya kingine, vikifuatana kwa mpango.

Kenya haimo SADC. Alama zetu zilitoka kwa Muingereza na bado zinafanana na zake. Lakini usiifanye hii kuwa sheria ya chuma. Kwenye ujenzi hapa utakutana pia na ubao wa njano wenye mshale mweusi wa kukuelekeza njia ya kando. Kwa hiyo njano moja peke yake haikupeleki Durban. Kinachokupeleka ni utaratibu mzima: je, kila pembetatu ya muda ni ya njano, au ni kibao kimoja tu katikati ya vyeupe? Katika picha yako kulikuwa na pembetatu moja nyeupe yenye mtu anayechimba, nyuma ya koni ya tatu, imeinama kidogo. Hukuiona kwa sababu macho yako yalikuwa yamelewa chungwa.

Lugha: neno moja linashinda koni mia

Hapa ndipo pointi zilipo. Vibao vya ujenzi vina maneno machache sana, na maneno hayo yamechaguliwa na ofisi fulani ya serikali fulani.

Chukua neno la kukuambia upite njia nyingine. Kenya utasoma DIVERSION, kama Uingereza. Marekani utasoma DETOUR. Ukishuka pwani yetu hii hadi Msumbiji, ambako hutumia Kireno, utasoma DESVIO. Ukivuka kwenda Kongo unaingia kwenye Kifaransa, na pale gari zimeshahamia upande wa kulia, hivyo huhitaji hata kusoma.

Tanzania ndiyo yenye utamu. Ni majirani zetu, wanaendesha kushoto kama sisi, wana minazi kama sisi, na bajaji zao ndizo tuktuk zetu. Ukitupwa Tanga bila maandishi unaweza kuapa uko Kisauni. Lakini vibao vyao huongea Kiswahili: PUNGUZA MWENDO, au maneno ya kukujulisha kwamba kazi inaendelea mbele. Sisi ambao twajisifu kuwa Kiswahili kilizaliwa pwani, vibao vyetu rasmi vya ujenzi huandikwa kwa Kiingereza: ROAD WORKS AHEAD. Utakutana na Kiswahili kwenye mbao za kuandikwa kwa mkono, mtu wa mtaa akikuomba upite polepole watoto wanavuka, lakini kibao cha mkandarasi, chenye herufi za kiwandani, kwa kawaida ni Kiingereza. Ni kichekesho, lakini ni kidokezo kizuri ajabu.

Kisha tafuta herufi za ofisi. Sheria ya Barabara ya Kenya ya mwaka 2007 ilizaa mashirika matatu: KeNHA wa barabara kuu, KURA wa barabara za mijini, na KeRRA wa barabara za mashambani. Herufi hizo hupigwa kwenye vibao na vizuizi, na zaidi ya yote kwenye ule ubao mkubwa wa mradi unaosimamishwa mwanzo wa kazi, unaotaja mwenye mradi, mkandarasi na mhandisi msimamizi. Upande wa Tanzania utakuta TANROADS kwa barabara kuu na TARURA kwa za mijini na vijijini. Herufi tatu zilizofifia, hata nusu ya neno, zinamaliza ubishi wa nchi. Na zinakwambia zaidi: KURA inamaanisha uko ndani ya mji, KeNHA inamaanisha tafuta barabara kuu kwenye ramani, usipoteze muda vichochoroni.

Kwa hiyo, kabla ya kubandika pini, vuta picha kila kibao kilipo. Ukikuta kimegeuka nyuma, kama mchezo unakuruhusu kusogea, songa mbele kisha geuka ukisome upande wake. Wengi hupoteza raundi kwa uvivu wa hatua mbili.

Mkono wa mtu: jiwe, tawi na tairi

Tumeshajua ni Kenya. Lakini ni Kenya ya wapi? Hapo kiwanda na sheria havisaidii tena. Sasa unatazama kile watu wamefanya vifaa vilipopungua, kwa sababu vifaa hupungua kila mara.

Koni nyepesi haikai. Lori la makontena likitoka bandarini na kupita Changamwe kwa kasi, upepo wake peke yake unaiangusha, na msimu wa kusi ndio usiseme. Vijana wa kazi hawana muda wa kuokota koni siku nzima, basi wanaweka jiwe juu ya kitako, au wanakata ncha na kuisokota juu ya nondo. Koni ikiibiwa au ikisagwa, nafasi yake inachukuliwa na pipa lililopakwa rangi, tairi lililozikwa nusu, mfuko wa mchanga, au mawe matatu yaliyopakwa chokaa. Ule utepe mwekundu na mweupe ukiisha, kamba ya katani inafungwa na kuning'inizwa mifuko.

Tazama hilo jiwe. Mtu hanunui jiwe la kushikilia koni wala halisafirishi. Analiokota pale pale alipo. Kwa hiyo jiwe ndilo kidokezo cha mahali kuliko koni yenyewe. Nairobi na Nakuru ni nchi ya volkano, na mawe yake ni ya kijivu au meusi, yamechongwa au yamepasuka kwa pembe kali. Kwetu, ukanda wa karibu na bahari umekaa juu ya matumbawe ya kale. Jiwe lake ni jeupe au la rangi ya maziwa yaliyochanganywa na vumbi, lina vitundu-vitundu, na wakati mwingine lina alama za makombe ndani yake. Koni iliyoshikiliwa na jiwe la aina hiyo haiko Nairobi, hata kama matatu iliyo nyuma yake imechorwa kama ya Nairobi.

Unaweza hata kujaribu kutenganisha pande za bara za Mombasa, ingawa hapa lazima uwe mnyenyekevu. Likoni na sehemu za Kisauni zilizo karibu na bahari zina mchanga na matumbawe, kwa hiyo shimo likichimbwa, udongo uliorundikwa kando ya kizuizi huwa mweupe au wa mchanga. Changamwe ni tofauti. Iko juu ya miamba ya tope gumu ya zama za Jura, ambayo wanajiolojia wameipa jina la mtaa wenyewe, na mvua ikinyesha unaona matope mazito ya kahawia au kijivu yakinata kwenye vitako vya koni. Sasa wewe ambaye umewahi kuacha kiatu kwenye tope la Changamwe, unahitaji kuambiwa na nani?

Tawi nalo linasema. Gari likiharibika usiku na dereva hana ile pembetatu ya kung'aa, anakata matawi na kuyatandaza barabarani nyuma ya gari. Ni alama ya muda inayojulikana Afrika Mashariki nzima, haimo kwenye mwongozo wowote lakini kila dereva anaielewa. Jiulize ni tawi la nini. Ukiona kuti la mnazi au tawi la mwarobaini, uko nyanda za chini zenye joto. Ukiona mkaratusi na watu wamevaa majaketi, umeshapanda milimani.

Vitu vya muda vina tarehe

Kuna jambo jingine ambalo mti au jengo halikupi. Koni na vizuizi vina mwanzo na mwisho, kwa hiyo vinaweza kukwambia picha ni ya lini.

Google ilizindua picha za Street View za Kenya mwaka 2018, na wachezaji wengi huitambua Kenya kwa kuona lile bomba jeusi la hewa kwenye gari la Google lenyewe. Ni ujanja mzuri, lakini unakuonyesha gari, haukuonyeshi barabara. Picha za zamani hubaki kwenye mtandao miaka mingi, na barabara unayoiona imejaa vizuizi huenda leo ni laini kama kioo.

Mfano wa karibu ni Makupa, pale kisiwa kinapokutana na upande wa Changamwe. Kwa miaka mingi palikuwa na tuta la udongo na mawe lililojengwa mwaka 1929, lililokuwa limeziba maji yasipite. Lilibomolewa na pakajengwa daraja, likafunguliwa Agosti 2022. Mtu akikutumia picha ya Makupa yenye vizuizi, magari yakipenya kando ya nguzo ambazo hazijakamilika, na akasema ni "leo asubuhi", unajua anakudanganya au amedanganywa. Mahali ni penyewe, ila siku si yenyewe.

Kosa hili la siku ni gumu kulinasa kuliko kosa la nchi, kwa sababu kila kitu kwenye picha kinaonekana cha kwenu. Dawa yake ni kujiuliza swali moja: kazi hii ilikwisha lini? Kama koni zimekaa mahali ambapo wewe mwenyewe ulipita juzi juu ya lami iliyokamilika, picha ni ya zamani.

Shangazi ametuma picha

Sasa turudi kwa shangazi. Saa kumi na moja alfajiri, kikundi cha familia kinalia. Picha: barabara imeporomoka nusu, kuna shimo kubwa, minazi nyuma, tuktuk imesimama kando, koni tatu na kizuizi chekundu na cheupe. Chini yake: "Likoni imekatika usiku huu. Msitoke!"

Kaka yako ana pikipiki ya mizigo na anatoka upande wa Kwale kila siku kuja mjini. Akiamini, atazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu hadi Miritini, safari ndefu, petroli ya ziada, na huenda mteja wa asubuhi akampoteza. Akipuuza na kumbe ni kweli, anaweza kulifikia shimo gizani. Anakuuliza wewe, kwa sababu wewe ndiye wa simu. Fanya hivi, pole pole.

Kwanza, tazama upande wa gari. Ni kushoto. Sawa, bado inaweza kuwa hapa. Hakikisha pia picha haijageuzwa kama kioo: soma maandishi yoyote, hata ya dukani, uone kama herufi zimekaa sawa.

Pili, achana na koni tatu. Tumeshasema hazina uraia. Minazi na tuktuk nazo zinakupa pwani, lakini pwani ni ndefu.

Tatu, tafuta kibao. Kipo, kando ya shimo, kimekatwa nusu na ukingo wa picha. Ni pembetatu, mpaka mwekundu, ndani ni njano. Hicho peke yake hakitoshi, lakini sikio limesimama. Tanzania ni mwanachama wa SADC na alama zake zinafanana na za kusini. Chini ya pembetatu kuna ubao wenye herufi "...ZA MWENDO". Neno limekatwa, lakini wewe ni Mswahili, unalimalizia: PUNGUZA. Kibao cha kiwandani, cha Kiswahili.

Nne, tafuta ushahidi wa pili usiotegemea wa kwanza. Namba ya gari lililosimama: inaanza na herufi T, kisha tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Ni mtindo wa Tanzania. Ya kwetu huanza na K na mpangilio wake ni mwingine.

Sasa una vidokezo vitatu vinavyoelekea upande mmoja: njano, lugha na namba ya gari. Kimoja kingeweza kuwa bahati mbaya, kwa mfano gari la Tanzania lililovuka mpaka wa Lunga Lunga na kuja Likoni, jambo la kila siku. Lakini gari halivuki mpaka na kibao cha barabara mgongoni. Vyote vitatu pamoja vinasema shimo ni la kweli, ila liko kwa majirani.

Jibu shangazi kwa adabu yake, si kwa kumuaibisha mbele ya ukoo: "Shikamoo shangazi. Asante kwa kutujali. Hii picha naona ni ya Tanzania, tazama kile kibao kimeandikwa Kiswahili na namba ya gari inaanza na T. Likoni wacha nimpigie mtu wa feri tuhakikishe." Kisha piga kweli. Picha kuwa ya kwingine haithibitishi kwamba Likoni ni salama. Imethibitisha tu kwamba picha hii si ushahidi. Huenda mvua imefanya mambo yake na huku pia, na kaka anastahili jibu la pili kabla hajawasha pikipiki.

Koni ikikuacha mikono mitupu

Kuna siku utatafuta kibao usikione, jiwe usilione, na picha ina koni mbili juu ya lami basi. Siku hiyo kubali kwamba hujui nchi, na tumia hesabu. Kwenye ramani ya dunia nzima, raundi moja ya GeoGuessr ina pointi 5,000, na pointi hupungua kadiri pini inavyokuwa mbali, lakini hazipungui sawasawa. Jibu likiwa Mombasa na wewe umebandika Tanga, kilomita kama 130, unabaki na takriban 4,600. Ukibandika Nairobi unabaki na kama 3,700. Ukibandika Durban, kilomita kama 3,000, unabaki na chini ya 700.

Kwa hiyo usipokuwa na uhakika kati ya Kenya na Tanzania, pini karibu na mpaka wa pwani hukuokoa pande zote mbili. Kilichokuua Jumapili ile ni kuruka hadi mwisho wa bara kwa sababu ya koni tano zilizopangwa vizuri. Ulidhani mpangilio mzuri hauwezi kuwa wa kwenu. Hilo halikuwa kosa la macho, mwanangu.

Kesho asubuhi ukitembea kwenda stejini, simama kidogo pale wanapochimba. Soma herufi zilizo ubavuni mwa kizuizi. Angalia jiwe lililoshikilia koni, na tope lililonata kwenye kitako chake. Siku picha hiyo itakapokuja kwenye skrini yako, bandika pini nyumbani.